Hotuba ya kufungua mkutano mbele ya mkalimani: ukate wapi, unyamaze wapi

*Mwalimu, nimeombwa kufungua mkutano wa siku tatu wa wakutubi kuhusu uhifadhi wa magazeti ya zamani. Nimepewa dakika 20. Karibu nusu ya wajumbe hawajui Kiswahili, kwa hiyo nitasema Kiswahili na mkalimani atasimama kando yangu akisema Kiingereza. Nimeshaandika kurasa nane. Nimeambiwa tu "weka sentensi fupi na uwe unanyamaza". Fupi kiasi gani? Na ninyamaze wapi?*

Ndugu yangu, kabla hujagusa sentensi hata moja, piga hesabu ya muda, maana kurasa nane hazitaingia. Katika ukalimani wa namna hii kila wazo linasikika ukumbini mara mbili, mara moja kutoka kwako na mara moja kutoka kwa mkalimani. Katika hizo dakika 20, toa mbili za kupanda jukwaani, kupanga karatasi na kungoja makofi. Toa nyingine moja ya zile sekunde zinazopotea kila mnapopokezana: wewe umemaliza, yeye anavuta pumzi, yeye amemaliza, wewe unatafuta mstari. Zinabaki 17. Gawa kwa mbili. Sauti yako wewe ina dakika nane na nusu.

Sasa chukua ukurasa mmoja wa hotuba yako, usome kwa sauti na kwa mwendo utakaoutumia jukwaani, na upime kwa saa. Usiusome kimoyomoyo, utajidanganya. Tuseme ukurasa una maneno 250 na umekuchukua dakika mbili na nusu. Kasi yako ni maneno 100 kwa dakika, na hotuba yako ni maneno 850, yaani kurasa tatu na nusu. Zile nane ulizoandika zingekuwa dakika 20 ukisema peke yako na dakika 40 ukiwa na mkalimani, na mtoa mada wa kwanza angekuwa ameshakukasirikia. Usishtuke ukiona tafsiri ya Kiingereza ya ukurasa uleule ina maneno mengi zaidi. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kama "hawatatuletea" kinahitaji maneno kadhaa ya Kiingereza, lakini ni mafupi na hutamkika upesi. Linganisha sekunde, usilinganishe maneno. Mkalimani aliyezoea kazi hatumii muda mrefu kuliko wewe, na mara nyingi hutumia kidogo zaidi, kwa kuwa anaacha maneno ya kujazia.

Ufupishe kwa kuondoa mambo mazima, usifupishe kwa kuyabana. Historia ya chama, majina ya kamati zilizopita, yale watakayoyaeleza watoa mada wenyewe, yote yatoke. Mtu anayejaribu kubana kurasa nane ziwe tatu na nusu bila kuacha jambo hata moja huishia na hotuba ngumu kama tofali, na hiyo ndiyo inayomwangusha mkalimani kuliko hotuba ndefu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie urefu wa kipande. Naita kipande yale yote unayosema kabla ya kumwachia mkalimani nafasi. Watu wengi hudhani kipande ni sentensi moja. Sivyo. Kipande ni wazo moja lililokamilika, na wazo hilo linaweza kuchukua sentensi moja, mbili au tatu fupi. Kwa hotuba ya ufunguzi, vipande vya maneno 15 hadi 30 vinafanya kazi vizuri, yaani sekunde kama 10 hadi 20 kwa kasi yako. Maneno 850 yatakupa vipande kati ya 30 na 40.

Utasema mbona wakalimani wa kweli huweza kusikiliza kwa dakika kadhaa mfululizo. Ni kweli. Katika Mkutano wa Amani wa Paris mwaka 1919, mkalimani Paul Mantoux alikuwa akisikiliza wakuu wa nchi kwa muda, kisha anayatoa maneno yao upya katika lugha ya pili. Ufundi huo upo hadi leo: mkalimani ana kijitabu, anaandika alama chache na kuuchora mfuatano wa mawazo, kisha anaijenga hotuba upya. Kwa hiyo kinachokulazimisha kukata vipande vidogo si kumbukumbu yake peke yake, ni wale walioketi mbele yako. Nusu ya ukumbi haielewi unachosema. Ukizungumza dakika tatu, nusu hiyo itaanza kutazama simu na kunong'ona, na wakati wao wa kusikia utakapofika, nusu ya pili itaanza kunong'ona nayo. Sekunde 20 mtu huvumilia kimya bila kujua kuwa anavumilia.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi. Mtu akiambiwa anyamaze mara kwa mara, ananyamaza popote pumzi inapomwishia. Anakata sentensi katikati, na mkalimani anabaki na nusu ya fikra mkononi. Hapo mkalimani ana njia mbili tu. Aidha aseme nusu hiyo kama ilivyo, ikaning'inia, au aikisie nusu iliyobaki na kuomba isije ikamsuta. Kiswahili na Kiingereza havipangi sentensi sawa, kwa hiyo kuna mahali ambapo kukata kunaumiza zaidi. Ukiyajua matatu yafuatayo, mengine utayahisi mwenyewe.

La kwanza ni jina na sifa zake. Sisi tunataja kitu kwanza, kisha tunakieleza: magazeti ya zamani ya kila wiki. Kiingereza kwa kawaida huanza na sifa na kumalizia na kitu. Mkalimani hawezi kufungua kinywa mpaka amesikia sifa ya mwisho, maana ndiyo huenda akaanza nayo. Ukisema "tumeleta magazeti" ukanyamaza, akafasiri, halafu ukaongeza "ya zamani ya kila wiki", atalazimika kurudi nyuma na kuanza upya. Mlolongo wa sifa ukiwa mrefu kuna hatari nyingine pia. Hebu soma "mkutano wa wakutubi wa kwanza". Wa kwanza ni mkutano au ni wakutubi? Kiunganishi "wa" kinafaa kwa vyote viwili, na wewe unajua jibu kwa sababu ni hotuba yako. Mkalimani ana nusu sekunde ya kuchagua. Andika "mkutano wa kwanza wa wakutubi", na kama mlolongo unazidi viunganishi viwili, uvunje uwe sentensi mbili.

La pili ni sentensi zenye "amba-" na ndugu zake wote wa urejeshi. "Magazeti ambayo watafiti waliyaomba mwaka jana…" Ukinyamaza hapo, msikilizaji wa Kiingereza amepewa kitu kisicho na habari yake. Yafanye kuwa matamko mawili: "Mwaka jana watafiti waliomba magazeti haya. Bado hatujayapiga picha." Kila tamko linasimama lenyewe.

La tatu ni kitenzi kutangulia mtenda. Tunapenda kusema "Yamefika leo asubuhi makasha kumi kutoka maktaba kuu". Kwetu ni lugha nzuri kabisa, na masikio yetu yanangoja kwa raha kujua kilichofika ni nini. Ila mkalimani kwa kawaida anahitaji mtenda kwanza ili aanze sentensi yake. Mtindo huo si lazima uuache, lakini usinyamaze baada ya "leo asubuhi". Fika kwenye makasha ndipo upumzike.

Tuuchukue sasa mfano mzima. Najua hotuba za wakutubi, na nina hakika ukurasa wako wa kwanza una kitu kinachofanana na hiki:

"Ninayo furaha kubwa isiyo kifani kuwakaribisha katika mkutano huu wa tatu ambao umewakutanisha wajumbe mia mbili na kumi kutoka taasisi thelathini na nne zilizokubali, licha ya ufinyu wa bajeti unaozikabili, kugharamia safari zao ili tuweze kwa pamoja kujadili namna ya kuhifadhi magazeti ya zamani yanayoharibika kwa kasi kutokana na unyevu, wadudu na asidi iliyomo katika karatasi zenyewe."

Ikisomwa kwa macho, haina kosa. Ikisemwa, ina mkaribisho, tarakimu tatu, shukrani, lengo la mkutano na sababu tatu za uharibifu, vyote vikiwa vimefungwa katika kamba moja. Hakuna mahali pa kunyamaza mpaka mwisho. Tuifungue hivi, kila mstari ukiwa kipande kimoja:

Karibuni sana. Huu ni mkutano wetu wa tatu. //

Leo tuko wajumbe 210. Tumetoka katika taasisi 34. //

Taasisi zetu hazina fedha nyingi, na ninyi mnalijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo zimetulipia nauli, nasi tunazishukuru. //

Tumekuja kwa ajili ya jambo moja: magazeti ya zamani. Mengi yameshakuwa ya manjano, na ukiyafungua yanapukutika. //

Maadui wake ni watatu. Wawili wanatoka nje, nao ni unyevu na wadudu. Wa tatu yumo ndani ya karatasi yenyewe, naye ni asidi. //

Angalia jinsi vilivyogawanyika. Vipande viwili vya mwanzo ni vifupi kuliko kiwango nilichokutajia, na ni kwa makusudi. Cha kwanza kinaufundisha ukumbi mwendo: wasikilizaji wanaona kwamba huyu atasema, yule atafuata, na wanatulia. Cha pili ni kifupi kwa sababu kina tarakimu, na tarakimu haina pa kushikwa. Wazo unaweza kulikumbuka kwa maana yake hata maneno yakipotea, lakini 210 na 34 hazina maana nyingine ya kuzikumbusha. Kipande chenye tarakimu kisibebe mzigo mwingine. Kuanzia cha tatu, vipande vinarefuka, kwa kuwa sasa ni maelezo na hisia, na mkalimani ana kitu cha kushika. "Hata hivyo" imebaki ndani ya kipande kimoja na kile inachokipinga. Ungekata kabla yake, wageni wangesikia kwanza lawama juu ya fedha na kuikalia kwa sekunde kumi kabla ya kupata shukrani.

Kipande cha mwisho kina hila ndogo. Badala ya kutaja vitu vitatu mfululizo, nimetangulia kusema kuwa ni vitatu. Mkalimani anaposikia "watatu", anatenga nafasi tatu kijitabuni, na kama ataandika viwili tu atajua kuna kilichomponyoka. Na "isiyo kifani" imetoka. Maneno ya namna hiyo yanamla mkalimani muda wa kutafuta usawa wake, na akishaupata, hakuna anayeusikia.

Ila usije ukafanya hotuba nzima kuwa ya sentensi za maneno manne manne. Baada ya dakika mbili inachosha kuliko ile ndefu, na inamfanya mzungumzaji aonekane anawasomea watoto orodha. Sentensi ya maneno 12 au 15 haina tatizo lolote ikiwa ina kitenzi kikuu kimoja na mtenda anayejulikana. Kinachotakiwa kupungua hasa ni mafundo ndani ya sentensi, si maneno yake.

Kituo chenyewe kina namna yake. Wewe una vituo vya aina mbili: kile cha kuvuta pumzi ndani ya kipande na kile cha kumwachia mkalimani. Kwako vinatofautiana, lakini kwake vyote ni ukimya. Asipoweza kuvitenganisha, ataruka ndani baada ya sentensi yako ya kwanza, au atangoja huku nawe unangoja, na ukumbi mzima utawatazama mkingojana. Kwenye karatasi, weka mkwaju mmoja pale unapopumua na mikwaju miwili pale unapomwachia. Kwenye mwili, fanya hivi: ukiwa bado ndani ya kipande, macho yawe ukumbini na sauti ibaki juu kidogo, ukimaliza, shusha sauti, shusha macho kwenye karatasi, na usiyainue mpaka aanze. Mwambie mkalimani mapema kwamba hiyo ndiyo ishara yako. Wapo wanaopenda kumgeukia mkalimani na kumtazama usoni. Inafaa pia, ila ifanye kila mara. Ishara ikibadilika katikati ya hotuba si ishara tena.

Naye akimaliza, usianze papo hapo. Ngoja kama sekunde moja. Wewe unajua Kiingereza, na hapo ndipo penye mtego: unasikia anakaribia mwisho, unajua neno la mwisho ni lipi, unaanza kabla hajalitamka. Waliokuwa wanamsikiliza wanapoteza mwisho wa kila kipande. Mtego wa pili wa mtu anayejua lugha zote mbili ni kuchanganya. Ukichomeka fungu la Kiingereza katikati ya Kiswahili, unamwacha mkalimani akirudia Kiingereza kwa Kiingereza, na ukumbi unacheka kwa jambo lisilochekesha. Shika lugha moja. Na kama hukubaliani na neno alilochagua, liache lipite, isipokuwa liwe linabadilisha maana. Likibadilisha maana, hasa likiwa tarakimu, lirudie jambo hilo kwa utulivu mwanzoni mwa kipande kinachofuata: "Taasisi hizi 34…" Atasikia, atarekebisha, na hakuna atakayeaibika.

Nakala ya hotuba impelekee siku mbili tatu kabla, ikiwa na mikwaju yako. Lakini nakala peke yake haitoshi, kwa sababu kuna mambo Kiswahili hakiyasemi ambayo Kiingereza kinayadai. Jinsia ni la kwanza. Ukisema "Dakta huyu amefanya kazi kubwa, naye atatueleza kesho", Kiswahili kimemheshimu bila kutuambia ni mwanamke au mwanamume. Kiingereza kitadai kujua katika sentensi hiyohiyo, na mkalimani akikosea mbele ya mhusika, kosa hilo halifutiki kirahisi. Kando ya kila jina utakalolitaja, mwandikie ni bibi au bwana, na jina linatamkwaje. Saa ni la pili. Kwa kuwa unafungua mkutano, huenda ukatangaza ratiba: "Kesho tutaanza saa tatu asubuhi." Mkalimani anajua kuwa hiyo ni 9:00, lakini akiwa amechoka anaweza kuteleza akataja tatu, na wageni wasijue waje lini. Katika nakala yake andika 9:00 pembeni. La tatu ni tarakimu kubwa zinazosemwa kwa maneno. "Elfu ishirini na tano" kwa mtu mmoja ni 25,000, kwa mwingine ni 20,005. Sema "ishirini na tano elfu", au zungusha tarakimu kama hakuna atakayeumia. Laki nayo iandikwe kwa tarakimu kamili katika nakala yake, maana Kiingereza kitaihesabu kwa maelfu, na kubadilisha laki tatu na nusu ziwe 350,000 huku mtu anasimama mbele ya watu ni hesabu isiyo ya lazima.

Itifaki ya mwanzo inastahili uangalifu wake. Orodha ya waheshimiwa ikisomwa yote kwa pumzi moja, mkalimani atawaacha wawili watatu, na walioachwa ndio watakaokumbuka mkutano huo maisha yao yote. Wataje wanne watano muhimu, kata baada ya kila wawili, mpe mkalimani vyeo vyao kwa Kiingereza kama wanavyovitumia wenyewe, wengine wote wajumlishe kwa "itifaki imezingatiwa". Kuna ofisi ambazo zitakuletea orodha ya watu 14 na kukuambia wote ni lazima. Hapo omba mshereheshaji awatambulishe kabla yako; ni kazi yake, na dakika zinakuwa zake.

Ukumbi wa Kiswahili una tabia ya kuitika, nayo usiipige vita. Ukisema "Habari za asubuhi?" utajibiwa. Ukianza methali, watu watakumalizia. Wale wasiojua lugha wataona wenzao wamepaza sauti na hawajui kwa nini. Kwa hiyo mwitikio uwe ndani ya kipande: wewe unaanza, wao wanamaliza, kelele inatulia, ndipo macho yako yanashuka na mkalimani anaeleza. Mtaarifu mapema ni methali ipi, na ukubaliane naye kwamba atatoa maana yake tu. Methali moja inatosha kwa hotuba nzima. Mzaha nao uwe mmoja, na uwe wa hali, usiwe wa mchezo wa maneno, kisha uwe tayari kwa vicheko viwili. Cha kwanza kitatoka kwa wanaojua Kiswahili, cha pili kitafuata baada ya mkalimani. Ngoja hicho cha pili. Mzungumzaji anayeendelea kabla yake huwaambia wageni kwamba wamechelewa.

Tamko la kufungua mkutano liwe kipande pekee, nalo liwe la mwisho. "Sasa natamka rasmi kwamba mkutano huu umefunguliwa." Makofi yatapigwa hapohapo, na mkalimani atamezwa. Mkubaliane kwamba atangoja makofi yatulie ndipo aseme, yapigwe ya pili. Watu wengi hukosea kwa kuongeza shukrani baada ya tamko. Hazisikiki, na mkalimani hajui kama afasiri makofi yakiwa bado yanaendelea. Shukrani zote ziwe kabla. Na hakikisheni kuna vipaza sauti viwili. Kupokezana kimoja kunakula sekunde tatu nne kila mara, na kwa vipande 35 mara mbili hiyo ni zaidi ya dakika tatu zilizopotea hewani.

Kuna jaribio ambalo huwafanyisha wote wanaoniletea hotuba. Mwite mtu asiyeijua hotuba yako, asiwe na kalamu. Msomee kipande kimoja kimoja, naye akurudishie kwa Kiswahili kilekile, kwa maneno yake. Anapokurudishia bila shida, kipande kiko sawa. Anapodondosha jambo, usimlaumu kumbukumbu. Kipande hicho kina mawazo mawili, au kina tarakimu iliyofichwa ndani ya maelezo. Kigawe, mrudie. Anapokuuliza "nani huyo?" au "kipi hicho?", umetumia kiwakilishi mbali mno na jina lake: katika hotuba inayokatwakatwa, kati ya jina na kiwakilishi kuna sauti ya mtu mwingine imepita, na msikilizaji amesahau. Rudia jina mwanzoni mwa kipande hata kama darasani ungeambiwa ni kurudiarudia.

Na mkalimani mwenyewe mwombe robo saa asubuhi ya mkutano. Hamhitaji kupitia hotuba yote. Fanyeni itifaki, kipande cha tarakimu na tamko la mwisho, mkiwa mmesimama pale mtakaposimama, ili azoee kasi yako na ishara yako. Muulize pia kama anapenda vipande virefu kidogo au vifupi zaidi. Wengine wakipewa sentensi mojamoja hujisikia wanakatwa miguu. Wengine, hasa wasiotumia kijitabu, hupotea baada ya sentensi mbili. Msikilize. Mikwaju uliyoweka nyumbani inaweza kuhamishwa kwa kalamu.

Jambo la mwisho: vipe vipande namba, zilezile katika nakala yako na yake. Mikutano huchelewa kuanza, na si ajabu mshereheshaji akakunong'oneza ukiwa unapanda kwamba dakika 20 zimekuwa 12. Ukianza kufupisha kwa kichwa, utatunga sentensi ndefu ambazo hukuzipanga, na mkalimani atakuwa akitafuta mstari usiokuwapo. Ukiwa nyumbani, amua mapema vipande vipi vinaweza kuanguka bila kuvunja mtiririko, uvipigie mstari pembeni, naye avipigie. Siku hiyo utamwambia tu, "Naruka kutoka cha 9 hadi cha 24," na mtaendelea kana kwamba hotuba ilikuwa hivyo tangu mwanzo.